Umefeli Hisabati na unajiandaa kurisiti: maswali kuhusu kujikemea na kujitendea upole

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanaorudia mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne na kwa wazazi wao. Nafundisha darasa la jioni la watahiniwa wa kujitegemea hapa Tanzania, na maswali yaliyomo humu ndiyo ninayoulizwa kila matokeo yanapotoka. Anayerisiti somo jingine, au mtihani wa nchi nyingine, atabadilisha mifano tu.

Kujitendea upole baada ya kufeli ni kufanya nini hasa?

Mtafiti aliyeliweka jambo hili katika vipimo vya saikolojia ni Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, katika maandiko yake ya mwaka 2003. Yeye analigawa katika mambo matatu yanayokwenda pamoja.

La kwanza ni lugha unayojisemesha. Mdogo wako akija na F yake mkononi, hutamwambia kwamba yeye ni takataka. Utamuuliza alikwama wapi. Lugha hiyo hiyo ndiyo unayotakiwa kuitumia kwako mwenyewe.

La pili ni kukumbuka kwamba hukufeli peke yako. Katika Hisabati hili halihitaji hata kufarijiwa, kwa sababu ndivyo takwimu za Baraza la Mitihani zinavyosema: mwaka baada ya mwaka, wanaofaulu somo hili kidato cha nne hawafiki nusu ya waliolifanya.

La tatu ndilo linalosahaulika mara nyingi. Ni kuliona jambo kwa ukubwa wake halisi, bila kulificha na bila kulikuza. F ya Hisabati ni alama chini ya 30 katika pepa moja, siku moja. Kusema "haikuniuma" ni kuificha. Kusema "maisha yangu yamekwisha" ni kuikuza. Upole unaokosa jambo hili la tatu haudumu, kwa sababu umejengwa juu ya kitu ambacho mwenyewe unajua si kweli.

Huko si kujidekeza?

Anayejidekeza anaondoka mezani. Anayejitendea upole anabaki pale pale na karatasi aliyokosea. Ukitaka kuwatofautisha, tazama sentensi inayofuata baada ya maneno mazuri. "Pole, ulijitahidi, pumzika" ikiishia hapo kwa wiki tatu, huko ni kujidekeza. "Pole, imeuma. Sasa tuone swali la 4 lilikushinda wapi" ni kitu kingine kabisa.

Neff alilipima pia suala la viwango. Aliwauliza watu jinsi wanavyojitendea na jinsi wanavyojiwekea malengo, akakuta kwamba wanaojitendea upole hawajiwekei malengo ya chini kuliko wenzao. Tofauti yao iko katika wanavyojitendea pale lengo linapokosekana.

Kwa nini kujikemea kunaharibu jaribio linalofuata? Mimi naona kunanisukuma.

Kunasukuma, ndiyo. Swali ni kunakusukuma kuelekea wapi. Nikiwatazama wanafunzi wangu, anayejikemea sana husukumwa mbali na karatasi aliyokosea. Atanunua daftari jipya, atapanga ratiba ya kuamka saa kumi alfajiri, ataanza mada ya kwanza kabisa kwenye kitabu. Pepa aliyoikosea wiki iliyopita hataigusa, na ukimwomba akuoneshe atakwambia ameiacha nyumbani. Si mvivu, maana anasoma saa nyingi kuliko wenzake. Ila anasoma yale anayoyajua tayari, kwa kuwa hayo hayamuumizi.

Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Lauren Eskreis-Winkler na Ayelet Fishbach, walichapisha majaribio yanayolieleza jambo hili vizuri kuliko kitu chochote nilichosoma. Waliwapa watu maswali yenye majibu mawili tu ya kuchagua. Baada ya hapo wengine waliambiwa wamepata, wengine waliambiwa wamekosa. Majibu yakiwa mawili, kuambiwa umekosa kunakupa taarifa ile ile kamili: kama si hili, basi ni lile. Kwa hesabu ya kawaida, makundi yote mawili yalipaswa kujifunza sawa. Haikuwa hivyo. Waliopimwa tena baadaye walionesha kwamba walioambiwa wamekosa walijifunza kidogo kuliko walioambiwa wamepata.

Watafiti hawakuishia hapo. Waliwaonesha watu makosa ya mtu mwingine, na safari hii watu walijifunza vizuri tu. Kwa hiyo kosa lenyewe halikuwa gumu kulielewa. Kilichokuwa kigumu ni kulitazama likiwa lako. Mtu anapoguswa hadhi yake anafunga masikio, na taarifa aliyokuwa akiihitaji inampita.

Sasa fikiri anachofanya anayejikemea. Kosa tayari linauma, naye analiongezea tusi. Kila anapolifungua daftari anajua tusi linamsubiri pale. Ubongo wake haukosei unapomwambia alifunge.

Kuna ushahidi wowote kwamba upole unamfanya mtu asome zaidi?

Upo. Juliana Breines na Serena Chen, wakiwa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, walichapisha majaribio manne mwaka 2012. Katika mojawapo, wanafunzi walipewa mtihani mgumu wa msamiati, mgumu kiasi cha kuwakwamisha. Kisha waligawanywa. Kundi moja liliambiwa kwamba kukwama katika mtihani kama huu ni jambo la kawaida kwa wanafunzi, kwa hiyo wasijilaumu kupita kiasi. Kundi la pili lilipewa sifa: wasijisikie vibaya, lazima wana akili kama wameweza kuingia chuo kile. Kundi la tatu halikuambiwa lolote. Halafu wote walipewa orodha ya maneno na maana zake, wakaachwa wasome kwa muda wanaotaka kabla ya mtihani wa pili.

Walioambiwa maneno ya upole ndio waliokaa na orodha kwa muda mrefu zaidi. Waliwapita hata wale waliosifiwa.

Hapo kwenye sifa nawaomba wazazi na walimu wasimame kidogo. Sisi tumezoea kumfariji aliyefeli kwa kumwambia "wewe una akili, ni bahati mbaya tu." Maneno hayo yanalinda sura yake, na mtu ambaye sura yake imekwishalindwa hana haja ya kurudi kwenye kosa. Zaidi ya hapo, yanamwekea mzigo: akifeli tena, hana akili.

Niseme pia ushahidi huu unaishia wapi. Jaribio lile lilifanyika kwa kikao kimoja, kwa wanafunzi wa chuo kikuu ambacho si rahisi kuingia, na kilichojitokeza wazi ni muda wa kusoma. Halikumfuata mtu mwaka mzima hadi siku ya mtihani wa taifa. Upole unakurudisha mezani na kukuweka pale. Kanuni za Hisabati bado utazisoma mwenyewe.

Mbona nawajua watu waliojichapa kwa maneno makali na wakafaulu?

Nawajua na mimi. Hofu inafanya kazi vizuri kwa kazi fupi ambayo mtu anaijua tayari: kumaliza zoezi la leo, kuamka mapema kesho. Kurisiti si kazi ya namna hiyo. Ni miezi kadhaa ya kuyatafuta yale usiyoyajua, na hayo hayatafutwi na mtu anayeogopa kuyaona.

Tena, wale unaowakumbuka ni waliobaki hadi mwisho. Walioacha darasa mwezi wa tatu kwa sababu hawakuweza tena kuvumilia maneno yao wenyewe hawana wa kuwasimulia.

Karatasi yangu ya mtihani wa taifa haikurudishwa. Nitalitazamaje kosa nisiloliona?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, kwa sababu herufi F haikwambii kitu. Aliyepata alama 4 na aliyepata 28 wote wamepewa F, ilhali safari zao ni tofauti kabisa. Mwenye 28 amekosa alama 2 tu kufika D.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu huu. Anza na makosa ya watu wengine. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na zinapatikana kwenye tovuti yake. Ile ya Hisabati inakwenda swali kwa swali: inaeleza swali lilidai nini, watahiniwa wangapi walipata alama za juu na wangapi walipata sifuri, na wengi waliteleza wapi. Inaonesha hata picha za majibu yaliyoandikwa kwa mkono, mazuri na mabaya.

Nawapa wanafunzi wangu taarifa hiyo kabla ya kuwagusisha pepa yoyote yao. Wanaisoma bila kuogopa, kwa kuwa kosa si lao, na kama majaribio ya Chicago yalivyoonesha, hapo ndipo mtu anajifunza. Ghafla mmoja anasema, "Mwalimu, hili na mimi nililifanya hivi hivi." Amelitaja kosa lake kwa hiari, mbele za watu, na hakuna aliyemkemea. Siku hiyo nafahamu kwamba darasa limeanza.

Baada ya hapo chukua pepa ya mwaka mmoja uliopita, kaa nayo saa 3 kamili bila simu, kisha ijisahihishe. Kwa muundo wa miaka ya karibuni, sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, na sehemu B ina maswali 4 ya alama 10. D inaanzia alama 30. Maana yake ni kwamba maswali matano ya sehemu A yaliyofanywa sawasawa yanatosha kukuvusha. Hesabu hiyo ndogo huwashangaza wengi, kwani F ilikuwa imewaaminisha kwamba ukuta ni mrefu mara kumi ya hivyo.

Nioneshe tofauti ya upole na ukali kwa swali moja halisi.

Chukua mlinganyo wa kwadratiki huu:

```
2x² − 5x − 3 = 0
```

Mwanafunzi mmoja wa darasa langu aliufanya kwa mabano, akaandika:

```
(2x − 1)(x + 3) = 0
x = 1/2 au x = −3
```

Jibu si sahihi. Pembeni mwa daftari aliandika kwa kalamu nyekundu, "Kichwa maji," akapiga mstari chini yake mara mbili na kuliacha ukurasa. Ukiyasoma maneno hayo, yanakufundisha nini juu ya mlinganyo? Hakuna. Hayasemi alikosea mstari gani wala afanye nini kesho. Ukali unajisikia kama ukweli mchungu, lakini ni maelezo yasiyo na taarifa yoyote ndani yake.

Nikamwomba ayafute na aandike upya kana kwamba daftari ni la mdogo wake wa kidato cha tatu. Ilimchukua muda. Alichoandika kilikuwa hivi, kwa mistari mitatu:

"Njia uliyochagua ni sahihi. Ulitafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata −6, ukachukua +6 na −1. Lakini ukizijumlisha hizo unapata +5, na swali lina −5, kwa hiyo ilitakiwa −6 na +1."

Angalia kilichotokea. Maneno ya upole ndiyo yaliyokuwa na usahihi mwingi zaidi. Yametaja kilichokuwa sawa, yametaja mahali penyewe alipoteleza, na kutoka hapo marekebisho yanakuja yenyewe:

```
(2x + 1)(x − 3) = 0
x = −1/2 au x = 3
```

Hapo chini akaongeza mstari wa nne, wa kujikinga: "Kila mara zidisha mabano uone kama unarudi kwenye swali." Angezidisha (2x − 1)(x + 3) angepata 2x² + 5x − 3, na angeona papo hapo kwamba alama ya katikati imegeuka. Kukagua huko hakuchukui hata dakika moja, na kunaokoa alama zinazopotea kila mwaka.

Kwa hiyo katika daftari la makosa ninaomba mistari minne kwa kila swali lililokosewa: kilichokuwa sawa, mahali ulipoteleza, marekebisho, na namna ya kujikinga. Usiandike neno lolote kuhusu wewe ni mtu wa aina gani. Daftari hilo ni la maswali.

Na kama kweli nilikuwa mzembe? Sikusoma, nilichezea muda.

Basi sema hivyo. Kujitendea upole hakukutaki udanganye. "Sikusoma tangu mwezi wa sita, nilikuwa naogopa somo, nikalikwepa" ni sentensi ya kweli na ni ya upole pia, kwa sababu inataja tendo na sababu yake.

Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, waliwafuatilia wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza katika mitihani miwili ya kozi moja, na matokeo yao yalitoka mwaka 2010. Miongoni mwa waliokuwa wameahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza, wale waliojisamehe walipunguza kuahirisha kabla ya mtihani wa pili. Waliobaki na kinyongo na nafsi zao waliendelea kuahirisha. Watafiti waliona njia ilikopitia: kujisamehe kulipunguza ile hali mbaya moyoni iliyofungamana na kusoma, na hali hiyo ilipopungua, mtu hakuwa na kitu cha kukikimbia.

Utafiti huo ulifuatilia watu jinsi walivyo, haukuwalazimisha wengine wajisamehe na wengine wasijisamehe, kwa hiyo hauwezi kuthibitisha kila kitu. Hata hivyo unalingana na ninayoyaona. Mtu haahirishi kitabu kwa sababu anajipenda mno. Anakiahirisha kwa sababu kila akikishika anakumbushwa aibu.

Kujisamehe huku kuna sharti moja: taja ulichofanya kwa tarehe na kwa jina lake kabla ya kukisamehe. "Nimejisamehe kwa yote" ni rahisi mno na haibadilishi kitu.

Nikijaribu maneno ya upole naona kama naigiza. Wakati mwingine nalia kabisa.

Si ajabu. Paul Gilbert, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyejenga tiba inayotumia upole kwa watu wenye aibu na kujishutumu sana, ameandika kuhusu watu wanaoogopa upole wenyewe. Aliyekulia mahali ambapo kosa lilijibiwa kwa fimbo au kwa kuchekwa, sauti ya ukali ndiyo aliyoizoea, na akiiacha anahisi hana ulinzi. Kwa mtu huyo, maneno matamu yanaweza kuamsha huzuni ya zamani kabla hayajatuliza chochote.

Usianze na maneno matamu basi. Anza na yasiyo na chumvi wala sukari: "Swali la 7 nimepata alama 2 kati ya 6." Hayo unaweza kuyaamini. Ukizoea kujieleza bila tusi, upole utapata pa kukaa. Njia nyingine inayowasaidia wengi ni kujiita kwa jina lako au kwa "wewe" badala ya "mimi", kama ulivyoona katika mistari ya yule mwanafunzi. Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walionesha mwaka 2014 kwamba mtu anayejisemesha kwa jina lake huituliza hofu vizuri kuliko anayejisemesha kwa "mimi".

Mimi ni mama wa mtoto aliyepata ziro. Nikiwa mpole si atabweteka?

Mama, mtoto aliyepata ziro tayari ana mtu anayemkemea usiku kucha, naye ni yeye mwenyewe. Ukiongeza sauti yako juu ya ile, hutampa taarifa mpya.

Siku ya matokeo mwache ale, mwache alale. Usimlinganishe na mtoto wa jirani, na wageni wakija usilizungumze jambo lake mbele yao. Baada ya siku chache keti naye umuulize maswali mawili tu: "Ni wapi palikushinda?" na "Unahitaji nini kutoka kwetu?" Halafu dai kitu. Ndiyo, dai: aoneshe daftari la makosa kila Jumapili, kwa mfano. Upole bila madai humwacha mtoto peke yake. Lakini unapolikagua daftari, usihesabu aliyokosa. Kagua kama kila kosa lina mistari yake minne. Akiona kwamba kosa lililoandikwa vizuri halimletei matatizo nyumbani, ataacha kuyaficha.

Nikikwama ndani ya chumba cha mtihani nifanye nini?

Weka kalamu chini, vuta pumzi polepole mara tatu, jiambie "swali hili ni gumu, nenda jingine," uweke alama ya penseli na uendelee. Usibishane na sauti ya ukali mle ndani. Kubishana nayo kunakula nafasi ile ile ya kichwa unayoihitaji kushikilia namba.

Nitajuaje kama njia hii inanisaidia?

Usijipime kwa jinsi unavyojisikia, kwa kuwa hisia zinapanda na kushuka kila siku. Pima muda unaopita kati ya kufanya pepa ya kujipima na kuifungua tena kuisahihisha. Mwanzoni kwa wengi ni siku kadhaa, au hawaifungui kabisa. Ikifika mahali unaisahihisha jioni ile ile, kuna kitu kimebadilika.

Tazama pia daftari la makosa. Likiwa tupu wakati alama zako hazipandi, ama umerudi kujificha au umeanza kujidekeza. Na ukiona kosa lile lile limeandikwa mara nyingi, shida si ya moyo tena. Huenda msingi uko chini zaidi, pengine kwenye namba hasi au sehemu ulizosoma darasa la sita, na unahitaji mwalimu akurudishe huko.

Nasikia sauti kwamba bora nife kuliko kuonekana mtaani.

Hapo usibaki peke yako na mazoezi ya kwenye daftari. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, kwa maneno hayo hayo uliyoyaandika, bila kuyapunguza makali. Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali kubwa zina kitengo cha afya ya akili. Aliye chini ya miaka 18, Tanzania na Kenya, anaweza kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto. Na ukiwa wewe ndiye umeambiwa maneno hayo na mwenzako, usimwache akae peke yake hata kidogo mpaka msaada ufike.

Na nikifeli tena?

Kwanza usiisome herufi peke yake. Chukua pepa zako za kujipima za mwaka mzima uzipange kwa tarehe. Aliyeanza na alama 8 akafika 26 bado atapewa F, lakini anajua ni maswali gani ameyaweza na ni yapi yamebaki, na yaliyobaki kwake ni machache. Huyo ningemshauri ajisajili tena.

Aliyeanza na 8 akabaki na 9, ilhali daftari lake limejaa na amehudhuria, ana swali jingine la kujiuliza: je, njia anayoitaka inadai Hisabati kweli? Nyingine zinaidai, nyingine haziidai. Vyuo vya VETA, kwa mfano, hufundisha useremala, umeme wa majumbani na ushonaji, na namba anazozihitaji fundi hufundishwa zikiwa ndani ya kazi yenyewe, kwenye ubao na futi kamba. Aulize masharti ya kujiunga kwenye chuo chenyewe kabla ya kulipa ada ya mtihani mwingine. Nimewaona waliolichukua swali hilo kwa utulivu wakapata njia, na nimewaona waliorisiti mwaka baada ya mwaka kwa sababu tu ya kumwonesha mtu fulani kwamba si wajinga.